Nimetoa notisi, mwajiri wangu akaniongezea mshahara nibaki: nimwambieje wakala wa ajira?

"Mimi ni mhasibu hapa Dar es Salaam na nina miaka minne na nusu kwenye kampuni moja. Wakala wa ajira alinitafutia nafasi kwingine, nikasaini barua ya ofa, na tarehe 2 nikatoa notisi ya siku 28. Tarehe 5 mkurugenzi akaniita akasema ataniongezea mshahara ili nibaki. Sijaamua. Wakala amenipigia leo mara mbili na sijapokea. Je, ni lazima nimwambie? Na kama ni lazima, nimwambieje bila kuiharibu kazi mpya?"

Mpigie leo, dada yangu, kabla ofisi hazijafungwa. Mweleze mambo manne tu: notisi umeshaitoa, mwajiri wako amekupa ofa ya kubaki, hujaamua, na siku fulani unayoitaja kwa tarehe utampa jibu la mwisho. Huna haja ya kusubiri mpaka uwe na uamuzi ndipo umpigie, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani kumwambia wakala kabla ya kuamua ni kujionyesha kuwa na moyo wa kuyumba, kumbe kinachomwonyesha kuyumba ni simu inayoita bila kupokelewa siku tatu baada ya notisi.

Nasema hivyo kwa sababu nilikaa kwenye kiti cha wakala kwa miaka kumi na moja kabla ya kuhamia upande wa waajiri. Mtu niliyemtafutia kazi alipotoa notisi, nilikuwa naandika kwenye shajara yangu siku ya tatu na siku ya kumi kuwa siku za kumpigia. Siku ya tatu ni wakati ambapo barua ya kuacha kazi imeshatoka mezani kwa msimamizi ikafika kwa mkurugenzi, na mkurugenzi ameshahesabu itamgharimu nini kumpata mwingine. Siku ya kumi ni wakati ambapo mrithi hajapatikana na hesabu za mwezi zinakaribia kufungwa. Kwa mhasibu siku hizo mbili ni kali zaidi, kwa sababu anayeondoka anazijua leja, anamjua mkaguzi, na anajua ni risiti gani ambayo Mamlaka ya Mapato itaiuliza. Kwa hiyo wakala wako alipopiga mara mbili leo, hakuwa akikusalimu tu. Alikuwa akikisia jambo lilelile unalomficha, na kila saa inayopita bila jibu lako inaongeza nguvu ya makisio yake.

Ni vizuri uelewe huyu mtu amekaa wapi katika jambo hili, kwa sababu maneno utakayomwambia yanategemea hilo. Wakala analipwa na kampuni mpya, halipwi na wewe. Malipo yake kwa kawaida huhesabiwa kama asilimia ya mshahara wako wa mwaka wa kwanza, hudaiwa pale unaporipoti kazini, na mara nyingi yana dhamana: ukiondoka ndani ya miezi michache ya mwanzo, huwa amekubaliana na kampuni kwamba atatafuta mtu mwingine bila malipo mapya au atarudisha sehemu ya fedha. Maana yake ni kwamba anataka sana uende, lakini anataka pia uende na kukaa. Mtu anayekwenda kwa kusukumwa, kisha akarudi kwa mwajiri wa zamani baada ya wiki tano, ni hasara kwake kuliko mtu anayesema mapema kwamba haendi. Ukilishika jambo hilo utaacha kumwona kama mtu wa kukwepwa, na pia hutayachukua mawaidha yake yote kama ya mtu asiye na maslahi.

Kwa mfano, ukimwambia umepewa ofa ya kubaki, yaelekea atakutajia asilimia kubwa ya watu ambao eti walikubali kubaki wakaondoka ndani ya miezi sita au mwaka. Nami niliitaja hesabu hiyo kwa watu wengi, kwa sababu niliikuta ofisini ikisemwa, na sikuwahi kuona utafiti ilikotoka. Akikutajia, msikilize kwa heshima, kisha umwombe akueleze anachokijua yeye mwenyewe kuhusu kampuni inayokungoja: kwa nini nafasi hiyo iko wazi, aliyekuwepo aliondokaje, na nyongeza ya mshahara hufanywa lini. Hayo anaweza kuyajibu, na yatakusaidia kuliko asilimia isiyo na mwenyewe.

Lakini kabla hujapiga simu, chukua robo saa uangalie ulichopewa hasa na mkurugenzi wako. Nimeona mara nyingi mtu akimwambia wakala "wameniongezea mshahara" wakati alichonacho ni maneno ya mdomo yaliyosemwa mlango ukiwa umefungwa. Wakala mzoefu atakuuliza maswali mawili papo hapo: je, imeandikwa, na je, ni kiasi gani. Ukijibu la kwanza kwa kigugumizi, ataelewa kwamba ofa yenyewe bado ni hewa, na mazungumzo yote yatageuka. Kwa hiyo mwandikie mkurugenzi barua pepe fupi leo hiihii. Mshukuru kwa mazungumzo ya tarehe 5, kisha umwombe akuthibitishie kwa maandishi mshahara mpya, tarehe utakapoanza kulipwa, na kama ni mshahara wa msingi au ni posho. Mkurugenzi anayemaanisha atajibu kesho. Asiyemaanisha atakuambia usiwe na wasiwasi, na hilo nalo ni jibu.

Hukunitajia viwango, kwa hiyo nitachukua mfano wa kubuni unaofanana na wa wahasibu wengi wa ngazi yako. Tuseme mshahara wako wa sasa kabla ya makato ni shilingi 2,400,000, kampuni mpya imekuandikia 3,000,000, na mkurugenzi amesema atakupandisha mpaka 2,900,000. Ukitazama haraka utaona pengo la laki moja kati ya ofa mbili, na laki moja inatosha kumtetemesha mtu. Ila hiyo si fedha utakayoishika. Kwanza inakatwa asilimia 10 ya mchango wako wa hifadhi ya jamii, kisha kodi ya mapato inakatwa kwenye kinachobaki, na kwa mishahara ya kiwango hiki kila shilingi inayozidi 1,000,000 inatozwa asilimia 30 juu ya kodi ya msingi ya 128,000. Ukipiga hesabu, 3,000,000 inakuachia 2,062,000 mkononi, na 2,900,000 inakuachia 1,999,000. Pengo halisi ni shilingi 63,000 kwa mwezi, na hapo hatujaanza kuulizana kuhusu nauli, bima ya matibabu ya familia, au saa ngapi utafika nyumbani ikiwa ofisi mpya iko ng'ambo ya foleni ya Ubungo.

Sasa tuseme barua ya mkurugenzi inakuja na kusema kwamba mshahara wa msingi unabaki 2,400,000 na zile laki tano ni posho ya majukumu. Mkononi huenda usione tofauti kubwa mwezi wa kwanza. Tofauti iko kwingine. Posho ya majukumu inafuata majukumu, kwa hiyo siku majukumu yakihamishwa kwa mtu mwingine, anayetaka kuiondoa ameshapata sababu. Tena, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu kiinua mgongo cha mtu aliyeachishwa kazi kwa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10, si kwa posho. Kwa hiyo usimwambie wakala "wamefikia karibu sawa na ninyi" kabla hujajua nyongeza hiyo imewekwa kwenye fungu gani. Ukisema hivyo ukaja kugundua ni posho, utakuwa umempa taarifa isiyo sahihi, naye atakuwa ameshaifikisha kwa kampuni mpya.

Nalisisitiza hilo la kufikisha kwa sababu ndilo waombaji wengi hawalifikirii. Unapomweleza wakala, fikiria kwamba umemweleza meneja rasilimali watu wa kampuni mpya saa moja baadaye. Yeye ni mtumishi wao katika jambo hili, na akiwaficha halafu usiripoti, atapoteza mteja. Anachoweza kukufanyia ni kuchagua namna ya kulisema, na wewe unaweza kumsaidia achague vizuri. Mwulize waziwazi, "Utawaelezaje?" Kisha mpe sentensi yako mwenyewe, ambayo ungependa ifike kama ilivyo. Wakala aliyepewa sentensi nzuri huitumia, maana inampunguzia kazi. Asiyepewa atatunga yake, na yake huenda ikawa "anasitasita kuhusu mshahara", hata kama fedha wala hukuigusa.

Upande wa pili wa simu hiyo, mambo yanakwenda hivi. Meneja akisikia kwamba umepewa ofa ya kubaki, hashtuki, kwa sababu ni jambo la kila siku. Anachouliza ni kama una tarehe. Ikiwa ipo, na ni siku mbili au tatu kutoka leo, kwa kawaida atasubiri, na huenda mkuu wa idara akakupigia mwenyewe azungumze nawe. Ikiwa haipo, atafungua jalada la mwombaji wa pili. Mwombaji wa pili huwa hajaambiwa kwamba amekosa, au ameambiwa kwa maneno ya kumwacha mlangoni, na anaweza kuitwa tena bila wewe kujua. Barua yako ya ofa haifutwi siku hiyo, lakini umeshakuwa mmoja kati ya wawili. Hiyo ndiyo sababu ninakuambia kwamba tarehe ya jibu ni muhimu kuliko ufasaha wa maelezo yako. Ukisema "nipe muda kidogo nitafakari", umeomba kitu kisichopimika. Ukisema "Jumatatu saa nne asubuhi nitakupigia", umempa kitu anachoweza kukibeba.

Kuhusu simu yenyewe, ongea naye kwa sauti, usimtumie ujumbe wa wasapu, na hasa usimtumie ujumbe wa sauti wa dakika tatu unaojieleza. Ungeweza kuanza hivi: "Habari za leo, kaka. Samahani, nimeona simu zako na sikupokea kwa kuwa nilikuwa na jambo nililotaka nilielewe kwanza. Notisi niliitoa tarehe 2 na imepokelewa. Tarehe 5 mkurugenzi aliniita akaniomba nibaki, akasema ataniongezea mshahara. Sijakubali na sijakataa, ninasubiri maandishi. Jumatatu saa nne asubuhi nitakupa jibu la mwisho, liwe lolote. Nimeona ulisikie kutoka kwangu." Ukifika hapo nyamaza. Usijaze ukimya kwa kueleza shida za mkopo wa nyumba, ada za watoto, au namna mkurugenzi alivyokuwa mpole. Kila neno la ziada linakuwa kitu cha kujibishana nalo.

Atakuuliza wamekupa kiasi gani, na hapa una hiari. Si wajibu wako kumtajia. Ukiwa hujapata maandishi, jibu sahihi ni kwamba hujapata maandishi na hutaki kutaja kiasi ambacho hakijathibitishwa. Ukiwa nayo, na ukachagua kutaja, taja kilichoandikwa, bila kuongeza hata shilingi. Niliwahi kumhudumia kijana mmoja, mtu hodari kabisa wa mifumo ya kompyuta, aliyeniambia mwajiri wake amempa 4,000,000. Nilipeleka taarifa hiyo. Kampuni ikasema iko tayari kuangalia upya, ila inaomba ione barua. Barua ilikuwa ya 3,400,000. Hakuna aliyempigia kelele. Meneja aliniandikia sentensi moja tu, kwamba nafasi ile inamfanya mtu ashike nywila za mifumo ya malipo, na wameamua kuendelea na mwombaji mwingine. Nilikaa na barua pepe hiyo muda mrefu nikitafuta namna ya kumfikishia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba laki sita alizoziongeza hazikuwa na kazi yoyote: kampuni ile ingempandisha hata kwa kiasi cha kweli, kwa sababu walimtaka.

Kutoka hapo nizungumzie jambo ambalo naona liko nyuma ya swali lako, ingawa hukulitaja: kuitumia ofa ya mwajiri wako kuisukuma kampuni mpya ipandishe zaidi. Linawezekana na si dhambi, lakini lina masharti mawili. La kwanza ni kwamba ulifanye mara moja tu, tena kabla ya ile tarehe uliyoitaja. La pili ni kwamba ulifanye ikiwa tu umeshaamua kwamba wakikubali utakwenda. Ujumbe wake unakuwa hivi: "Mkifikisha 3,200,000, nathibitisha leo kwamba nitaripoti tarehe 1, na mazungumzo na mwajiri wangu nayafunga." Wakala anaupenda ujumbe wa aina hii kwa kuwa una kiasi, una ahadi na una mwisho. Anachokichukia ni mtu anayesema "naona wamenipa zaidi, sijui ninyi mnasemaje". Huyo hata akiongezewa hana alichoahidi, na kesho atarudi kwa mkurugenzi wake na kiasi kipya. Kumbuka pia kwamba ulishasaini barua ya ofa kwa mshahara fulani. Kuomba zaidi baada ya kusaini ni kumwomba mwenzako avunje makubaliano yaliyokamilika, na kwa maoni yangu lifanyike tu pale ambapo kuna jambo jipya la kweli, kwa mfano umegundua kwamba kampuni mpya haina bima ya matibabu ambayo unayo sasa. Kwa pengo la shilingi 63,000 nisingelifanya.

Suala la kusaini linanipeleka kwenye sheria, nalo ni fupi lakini usiliruke. Kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, sheria ya Tanzania inataka notisi isiyopungua siku 28, iwe ya maandishi, na Kenya nako Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka siku 28 kwa mtu wa namna hiyo. Notisi uliyoitoa tarehe 2 inaendelea kuhesabika hata wakati unatafakari. Haisimami kwa sababu mkurugenzi amekuita ofisini. Ukiamua kubaki, mnahitaji maandishi mawili: barua yako ya kuondoa ile ya kuacha kazi, na barua ya mwajiri inayokubali kuondolewa huko na kusema wazi kwamba utumishi wako unaendelea tangu tarehe uliyoajiriwa mwanzo. Usikubali kupewa mkataba mpya wenye tarehe mpya ya kuanza bila maneno hayo, kwa kuwa baadaye unaweza kubishaniwa kwamba utumishi ulikatika, na ile miaka minne uliyoitimiza ikapotea kwenye hesabu ya kiinua mgongo. Mpaka barua hizo mbili ziwe mkononi, usimwambie wakala kwamba unabaki. Nimemwona mtu akiikataa kazi mpya siku ya Ijumaa kwa ahadi ya mdomo, na Jumatano iliyofuata akaambiwa bodi haikuidhinisha nyongeza. Notisi yake ilikuwa imebakiza siku tisa.

Upande wa kampuni mpya, lipime na hili: sheria hiyohiyo ya Tanzania haimpi mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri ule ile kinga ya kuachishwa isivyo halali unayoifurahia sasa. Sikuambii hivyo ili uogope kuhama, maana kila anayehama hupita kwenye daraja hilo. Nakuambia ili umwulize wakala, kwenye simu hiyohiyo, muda wa majaribio ni miezi mingapi na notisi ndani yake ni siku ngapi. Ni swali la mtu anayepima kwa makini, na wakala atalipeleka kama dalili kwamba bado una nia.

Sasa, Jumatatu saa nne. Ukiamua kwenda, mfuate kwanza mkurugenzi wako, mshukuru, umwambie hapana kwa mdomo na kwa maandishi, halafu ndipo umpigie wakala. Mpangilio huo una sababu. Ukimthibitishia wakala kabla hujamkatalia mkurugenzi, utaingia kwenye kikao cha mwisho na bosi wako ukiwa na ahadi mbili kifuani, na bosi anayejua kuomba anaweza kukutoa kwenye mojawapo. Kwa wakala sentensi moja inatosha: "Nimeikataa kwa maandishi ofa ya kubaki, na nitaripoti tarehe 1 kama tulivyokubaliana." Mwombe akuthibitishie kwa barua pepe tarehe, saa na mtu utakayeripoti kwake, kwa kuwa baada ya mtikisiko kama huu wewe ndiye unayehitaji kuona kwamba upande ule haujabadilisha chochote.

Ukiamua kubaki, simu inakuwa ngumu zaidi lakini inakuwa fupi zaidi. Mpigie yeye kwanza, kabla hujaiandikia kampuni, ili asilisikie kwa mteja wake. Usimpe sababu inayoweza kutatuliwa kama si sababu ya kweli: ukisema ni fedha, ataleta fedha, ukisema ni umbali, atakuletea siku mbili za kufanyia kazi nyumbani, na utalazimika kukataa tena kwa sababu nyingine, jambo ambalo linaonekana kama uongo hata likiwa si uongo. Mwambie umekubali kubaki, barua zimeshasainiwa, na unaomba akuongoze namna ya kuiandikia kampuni. Baada ya hapo iandikie kampuni mwenyewe siku hiyohiyo. Kwa kuwa barua ya ofa uliisaini, iombe ikuachilie kwa maandishi, na usome kwanza kama ina kifungu kinachotaja notisi au gharama kwa anayejitoa kabla ya kuanza. Barua hiyo isizidi aya mbili:

"Ndugu Meneja, ninarejea barua ya ofa niliyoisaini kwa nafasi ya mhasibu, ambayo nilitarajiwa kuianza tarehe 1. Baada ya kutoa notisi, mwajiri wangu wa sasa aliniomba niendelee na utumishi, na baada ya kutafakari nimekubali. Kwa heshima naomba kuachiliwa kutoka kwenye makubaliano yetu.

Natambua usumbufu ninaousababisha na ninawataarifu leo ili mpate nafasi ya kuendelea na waombaji wengine. Nawashukuru kwa muda na imani yenu."

Wakala anaweza kukasirika, na anaweza kukuambia kwamba hatakufanyia kazi tena. Mvumilie. Anayekasirikia taarifa iliyokuja wiki tatu kabla ya tarehe ya kuripoti hupoa, kwa kuwa bado anaweza kumwita yule mwombaji wa pili na kuokoa malipo yake. Niliyeshindwa kumpokelea simu tena ni mmoja tu katika miaka yote ile, mama aliyenitumia ujumbe saa moja na nusu asubuhi ya siku ya kuripoti, wakati mteja wangu ameshamwekea kompyuta mezani na kadi ya mlango yenye picha yake. Wewe una tarehe 5 nyuma yako na tarehe 1 mbele yako. Nenda nje ya ofisi mahali pasipo na masikio, umpigie.